Swali la 17 lilivyoandikwa mara tatu: kusoma ugumu na upambanuzi kabla ya kugusa benki ya maswali

Ukikabidhiwa benki ya maswali kwa mara ya kwanza, mara nyingi unapewa pamoja na jedwali. Kila swali lina namba zake mbili, ya ugumu na ya upambanuzi, na yale yanayohesabiwa kuwa mabovu yamepakwa rangi nyekundu. Mimi nilipopewa jedwali langu la kwanza nilifanya jambo lililoonekana la busara: nilichuja maswali yote yenye upambanuzi chini ya 0.20, nikayafuta. Yalikuwa 11. Mtihani uliofuata ulipotungwa kutoka kwenye benki ile, mada nzima ya vipimo na vizio ilikosa swali hata moja. Hakuna aliyenigombeza. Mratibu aliniuliza tu, "Mwalimu, maswali ya vizio yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na nakala ya zamani sikuwa nimeihifadhi.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba zile namba hazitoi hukumu. Zinakuonyesha swali gani ulifungue ulisome upya, na ukilisoma pamoja na majibu waliyochagua watahiniwa, ndipo unajua kama la kufuta, la kurekebisha au la kuacha lilivyo. Nitakueleza hilo kwa swali moja ambalo nililiandika mara tatu. Takwimu zake nimezipanga upya kidogo ili hesabu ifuatike kwa urahisi, ila kisa chenyewe ndivyo kilivyokuwa.

Kwanza tukubaliane juu ya namba zenyewe. Ile inayoitwa kiwango cha ugumu ni sehemu ya watahiniwa waliopata swali. Watu 120 wakifanya swali na 70 wakalipata, ugumu ni 70 gawanya kwa 120, yaani 0.58. Utaona jina lina ukorofi: namba ikipanda, swali ni jepesi zaidi. Swali lenye 0.94 ni rahisi mno, la 0.15 ni gumu kuliko kubahatisha. Nimeshuhudia kikao kizima kikibishana nusu saa kwa sababu upande mmoja ulikuwa ukiisoma namba hiyo kinyume. Kwa swali la kuchagua lenye machaguo manne, mtu anayebahatisha tu anapata 0.25, hivyo kipimo kinachofanya kazi kati ya hapo na 1.00 kinakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutenganisha watu kikiwa karibu na katikati, kwenye 0.62 hivi.

Upambanuzi unajibu jambo jingine: je, waliolipata swali hili ndio wale wale waliofanya vizuri katika mtihani mzima? Njia ya mkono ni kupanga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini, ukachukua asilimia 27 za juu na asilimia 27 za chini, ukahesabu waliopata katika kila kundi, ukatoa, ukagawa kwa idadi ya watu wa kundi moja. Hiyo asilimia 27 imetokana na hesabu za Truman Kelley za mwaka 1939, alipoonyesha kwamba inaleta uwiano mzuri kati ya kuwa na makundi yanayotofautiana sana na kuwa na watu wa kutosha katika kila kundi. Kwa watahiniwa 120, makundi yanakuwa ya watu 32 kila moja.

Kama majibu yako yapo kwenye lahajedwali, mtahiniwa mmoja kila mstari, swali la 1 likiwa safu ya B hadi swali la 40 safu ya AO, 1 kwa aliyepata na 0 kwa aliyekosa, jumla ikiwa AP na mistari imepangwa kutoka alama ya juu kwenda ya chini, basi kwa swali la 17 lililoko safu ya R:

```
=AVERAGE(R2:R121)
=(SUM(R2:R33)-SUM(R90:R121))/32
```

Mstari wa kwanza unatoa ugumu, wa pili upambanuzi. Ukipenda uwiano, yaani namba inayoonyesha swali na jumla vinavyokwenda pamoja, badala ya makundi mawili, tengeneza kwanza safu ya AQ yenye jumla isiyo na swali lenyewe, kisha uwianishe:

```
AQ2:  =AP2-R2
=CORREL(R2:R121,AQ2:AQ121)
```

Kutoa swali lenyewe kwenye jumla si ushabiki wa usahihi. Mtihani ukiwa na maswali 10, kila swali ni sehemu ya kumi ya alama ambayo unalilinganisha nayo, kwa hiyo hata swali la ovyo litaonekana lina uhusiano na jumla, maana linajitazama lenyewe kwenye kioo.

Wanaotumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo na mitihani mtandaoni, watakuta namba hizi kwenye ripoti ya takwimu, zikiitwa `Facility index` na `Discrimination index`. Kumbuka tu kwamba hiyo ya pili ni uwiano kati ya swali na sehemu iliyobaki ya mtihani, nayo imeandikwa kwa asilimia. Usiichukue 30 ya pale ukaipima kwa rula ya makundi ya juu na chini; ni vipimo ndugu lakini si kimoja.

Sasa swali lenyewe. Lilikuwa hivi: "Mimea hutoa gesi gani?" Machaguo: A oksijeni, B kaboni dayoksaidi, C naitrojeni, D haidrojeni. Jibu lililowekwa ni A. Watahiniwa 120 walijibu, ugumu ukatoka 0.58. Kama ningekuwa natazama ugumu peke yake, ningelipigia makofi: liko karibu kabisa na pale panapotakiwa. Lakini upambanuzi ulikuwa hasi, na majibu yalikaa hivi:

| Chaguo | Kundi la juu (32) | Katikati (56) | Kundi la chini (32) |
|---|---|---|---|
| A (jibu) | 17 | 33 | 20 |
| B | 15 | 14 | 5 |
| C | 0 | 5 | 4 |
| D | 0 | 4 | 3 |

Kumi na saba toa ishirini ni hasi tatu, gawanya kwa 32, unapata -0.09. Waliofanya vibaya mtihani mzima walilipata swali hili kuliko waliofanya vizuri.

Hapa ndipo wengi wanakosea hatua. Wakiona hasi, wanaharakisha kusema swali limekosewa jibu. Hilo linawezekana, na ndilo la kukagua kwanza kwa sababu ni rahisi kukagua na madhara yake ni makubwa. Ila jibu lililokosewa lina sura yake. Siku moja nilikuta swali ambalo watu 29 kati ya 32 wa kundi la juu walichagua C, na aliyeandaa majibu alikuwa ameweka B. Kundi la chini walikuwa wametawanyika kote. Pale huhitaji kufikiri sana. Kundi lote la juu limekwenda mlango mmoja nawe umesimama mlango mwingine. Unarekebisha jibu, unasahihisha upya, unahesabu upya jumla za watu wote kabla ya kutazama swali jingine, kwa sababu jumla zikibadilika hata watu wa makundi ya juu na chini wanaweza kuhama.

Swali la 17 halikuwa na sura hiyo. Kundi la juu halikukimbilia chaguo moja. Liligawanyika karibu nusu kwa nusu, 17 na 15, kati ya machaguo mawili, na hakuna hata mmoja aliyegusa C au D. Ukiona watu wanaojua wamegawanyika katikati, mara nyingi wanajua kitu ambacho wewe uliyetunga hukukifikiria. Wamesoma maana mbili katika sentensi uliyodhani ina maana moja.

Sikutaka kukisia. Nilimwita mmoja wa wale 15, binti aliyekuwa na alama 37 kati ya 40, nikamwonyesha swali.

"Hapa ulichagua kaboni dayoksaidi. Kwa nini?"

Akalitazama, akatabasamu kama mtu anayeogopa kumkosoa mkubwa. "Mwalimu, swali halikusema mchana au usiku. Mchana oksijeni, lakini kupumua mmea unapumua muda wote. Nikaona ile ambayo haikomi ndiyo jibu."

Alikuwa sahihi kuliko swali langu. Mmea unapumua saa zote, na katika kupumua unatoa kaboni dayoksaidi. Oksijeni inatoka pale tu usanisinuru unapofanyika, na huo unahitaji mwanga. Aliyesoma mstari mmoja wa daftari, "mimea hutoa oksijeni", alipita bila shida. Aliyeelewa sura mbili za mmea ndiye aliyekwama. Ndiyo maana kundi la chini lilinufaika: ujuzi mdogo ulikuwa faida. Kwa upande wa alama za siku ile, tulikubaliana wote waliochagua A au B wapewe alama. Hilo ni la haki kwa watahiniwa, lakini halilitengenezi swali.

Wakati wa kurekebisha nilifanya kitu kinachofanywa na karibu kila mtu: nikaziba tundu. "Wakati wa usanisinuru, mmea hutoa gesi gani?" Machaguo nikayaacha yalivyokuwa. Swali sasa lina jibu moja, hakuna wa kulibishia. Nikaliingiza kwenye mtihani wa kundi lililofuata, watahiniwa 118, makundi ya watu 32 tena.

Kundi la juu wote 32 walilipata. Kundi la chini walilipata 27. Kwa jumla walilipata 111, ugumu 0.94, upambanuzi 5 gawanya kwa 32, yaani 0.16. Kwa viwango ambavyo wengi hutumia, vile vya Robert Ebel, swali lenye 0.40 na zaidi ni zuri sana, la 0.30 hadi 0.39 linafaa, la 0.20 hadi 0.29 linahitaji kuangaliwa, na chini ya hapo ni dhaifu. Kwa hiyo swali langu lililorekebishwa lilipakwa tena nyekundu.

Lakini hebu tulifanyie haki. Waliolikosa ni 7 tu. Hata kama wote 7 wangekuwa ndani ya kundi la chini, upambanuzi usingeweza kuzidi 7 gawanya kwa 32, yaani 0.22. Hiyo ndiyo dari yake. Swali lilipata 0.16 mahali ambapo kikomo chenyewe kilikuwa 0.22, kati ya wachache waliokosa, 5 walitoka kule ulikotarajia watoke. Halikuwa swali linalopotosha, lilikuwa swali ambalo karibu kila mtu analijua. Moodle ina safu ya `Discriminative efficiency` inayofanya kazi hii hii ya kulinganisha upambanuzi uliopatikana na ule ambao ungeweza kupatikana, na kwa maswali mepesi mimi huitazama hiyo kwanza.

Yale maswali 11 ya vizio niliyoyafuta zamani yalikuwa ya aina hii. Hayakuwa mabovu. Yalikuwa yanauliza mambo ambayo kila mtu alitakiwa kuyajua, na kila mtu aliyajua. Mtihani wa kuhakiki kama watu wamefikia kiwango fulani una haki ya kuwa na maswali ya 0.95, tena ni habari njema. Mtihani wa kupanga watu kwa nafasi hauna matumizi nayo mengi, zaidi ya moja au mawili ya kufungulia ili mtahiniwa atulize moyo. Kwa hiyo kabla hujalihukumu swali jepesi, jiulize mtihani unatafuta nini. Namba haiwezi kukujibia hilo.

Mtihani wetu ulikuwa wa kupanga nafasi, na mada hiyo ilikuwa na swali moja tu. Nikarudi kwenye lile jibu la binti. Alichokuwa akikijua yeye, na ambacho wengi hawakijui, ni kwamba mmea una shughuli mbili zinazopishana, na mojawapo haikomi giza linapoingia. Hicho ndicho kilistahili kuulizwa tangu mwanzo. Swali la kwanza lilikigusa kwa bahati mbaya na kukiadhibu. La pili lilikikwepa kabisa.

Ukitaka kulifufua swali, usianze na shina, yaani sentensi inayouliza. Anza na vipotoshi, yaani yale machaguo yasiyo sahihi, kwa sababu vina habari nyingi zaidi. Tazama tena jedwali la mwanzo: naitrojeni ilichukuliwa na watu 9 kati ya 120, haidrojeni na 7. Katika toleo la pili zilichukuliwa na mtu mmoja mmoja. Kipotoshi ambacho hakifikishi asilimia 5 ya watahiniwa hakifanyi kazi. Kinajaza karatasi tu. Swali lenye vipotoshi viwili vilivyokufa ni swali la machaguo mawili lililovaa nguo za machaguo manne, na anayebahatisha anapata nusu badala ya robo. Kipotoshi kizuri kinatokana na kosa ambalo watu hulifanya kweli. Unalipata kwenye madaftari yao, kwenye majibu yao ya kujieleza, au kwa kuwauliza kama nilivyofanya. Haidrojeni haikutokana na kosa la mtu yeyote. Niliiweka kwa kuwa nilihitaji gesi ya nne na saa ya chai ilikuwa imefika.

Toleo la tatu likawa hivi: "Mmea hai umewekwa ndani ya chupa ya kioo iliyozibwa isipitishe hewa, kisha chupa ikawekwa gizani kwa saa 12. Ni nini kitatokea kwa gesi zilizo ndani ya chupa?"

A. Oksijeni itaongezeka, kaboni dayoksaidi itapungua.
B. Oksijeni itapungua, kaboni dayoksaidi itaongezeka.
C. Oksijeni na kaboni dayoksaidi zote zitaongezeka.
D. Hakuna gesi itakayobadilika, kwa sababu mmea haufanyi kazi gizani.

Jibu ni B. A ni ya mtu anayeamini mmea hutoa oksijeni muda wote. D ni ya yule anayedhani mmea hulala. C ni ya anayejua kuna shughuli mbili zenye gesi mbili lakini hajui zinaendaje. Katika rasimu nilikuwa nimeuliza "kiasi cha nini kitaongezeka ndani ya chupa?" na moja ya machaguo ilikuwa mvuke wa maji. Mwenzangu aliyeisoma akanikumbusha kwamba mmea hupoteza maji kupitia majani, kwa hiyo na mvuke ungeongezeka. Ningekuwa nimetengeneza swali jingine lenye majibu mawili, tena baada ya kulia juu ya la kwanza. Rekebisho lolote lisomwe na mtu mwingine anayeijua mada kabla halijarudi kwenye benki. Macho ya aliyetunga yameshazoea.

Kosa jingine ambalo nililiona mapema kwa bahati: kwenye rasimu, D ilikuwa ndefu kuliko zote na ina maelezo ya sababu. Kwa kawaida jibu sahihi ndilo linalorefushwa, kwa vile mtunzi anajitahidi lisipingwe, na watahiniwa wajanja wanalifahamu hilo. Hapa urefu uliangukia kwenye kipotoshi, nami nikauacha, kwa sababu sababu yenyewe ndiyo iliyobeba kosa ninalolitafuta.

Watahiniwa 124 walilifanya, makundi ya watu 33. Haya ndiyo majibu yao:

| Chaguo | Kundi la juu (33) | Katikati (58) | Kundi la chini (33) |
|---|---|---|---|
| A | 1 | 10 | 12 |
| B (jibu) | 28 | 37 | 10 |
| C | 0 | 3 | 3 |
| D | 4 | 8 | 8 |

Ugumu 75 gawanya kwa 124, yaani 0.60. Upambanuzi 18 gawanya kwa 33, yaani 0.55. Ugumu huu na ule wa toleo la kwanza karibu ni sawa, 0.60 na 0.58. Ukiwa na safu hiyo moja tu huwezi kujua lipi limeoza na lipi zima.

Lisome jedwali kwa mlalo pia. Jibu sahihi linashuka kutoka juu kwenda chini, 28 hadi 10. Kipotoshi A kinapanda, 1 hadi 12. Ndivyo kipotoshi kinavyotakiwa kuenenda, kiwavute wasiojua na kiwaache wanaojua. D kimepanda taratibu, na watu 4 wa kundi la juu kimewanasa. Hilo halinisumbui, lakini nimeliandika, kwa maana wakifika 8 au 9 safari ijayo nitataka kuwauliza wanaelewaje neno "kufanya kazi". C kimechukuliwa na 6 kati ya 124, chini kidogo ya asilimia 5. Kinakaribia kufa.

Hapo utajaribiwa kubuni kipotoshi kipya kwa nguvu ili viwe vitatu. Sioni haja. Swali lenye machaguo matatu yanayofanya kazi yote halina ubaya wowote, na linasomeka haraka zaidi. Kama kanuni za mtihani wenu zinalazimisha machaguo manne, kiache C kilivyo hadi upate kosa la kweli la kuweka badala yake.

Kuna mambo mawili ambayo yanaweza kuzigeuza namba hizi kuwa uongo, hata kama hesabu umeifanya sawasawa.

La kwanza ni idadi ya watu. Ukiwa na darasa la watu 30, asilimia 27 ni watu 8. Mtu mmoja wa kundi la juu akikosa kwa kuteleza kalamu, upambanuzi unabadilika kwa 1 gawanya kwa 8, yaani 0.125. Swali linaweza kutoka "linafaa" hadi "linahitaji kuangaliwa" kwa mafua ya mtu mmoja. Kwa makundi madogo kama hayo mimi hugawa darasa nusu kwa nusu badala ya kuchukua asilimia 27, na silifuti swali kwa duru moja. Nasubiri duru mbili tatu, nakusanya majibu pamoja, mradi swali halijabadilishwa hata neno na watahiniwa ni wa ngazi ile ile. Kitu pekee ninachokishughulikia siku hiyo hiyo hata kwa watu 30 ni kundi la juu kukusanyika kwenye kipotoshi kimoja, kwa kuwa huko kunaweza kuwa na jibu lililokosewa na alama za watu zimo ndani yake.

La pili ni gumu zaidi kuliona. Upambanuzi unalipima swali kwa kulilinganisha na mtihani mzima, hivyo unachukulia kwamba mtihani mzima unapima kitu sahihi. Fikiria mtihani wenye maswali 38 ya kukariri na mawili ya kusoma grafu. Wanaoongoza jumla ni wakariri hodari, na maswali ya grafu yatatoka na upambanuzi mdogo kwa sababu yanadai kipaji kingine. Ukiyafuta kwa kufuata namba, mtihani ujao utakuwa wa kukariri kabisa, na takwimu zake zitapendeza zaidi. Ukifanya hivyo miaka mitatu mfululizo umeichuja benki yako hadi ikabaki na ladha moja, na kila ripoti inakuambia unaendelea vizuri. Kwa maswali ya aina hiyo nayahesabia upambanuzi dhidi ya maswali ya aina yake peke yake kama yapo ya kutosha, na kama hayapo, nategemea kusoma swali na kuuliza watu.

Maswali ya mwisho wa karatasi nayo yaangalie kwa jicho la peke yake. Swali la 39 na la 40 yakionekana magumu ghafla, hesabu kwanza ni wangapi waliyaacha wazi. Kama wengi hawakuyafikia, namba zako zinapima saa ya ukutani.

Ukishamaliza kurekebisha, usiandike juu ya swali la zamani. Swali lililobadilishwa maneno ni swali jipya na takwimu za zamani si zake tena, hata kama ulibadilisha neno moja. Mimi naliwekea namba ya toleo, `Q17-v1`, `Q17-v2`, `Q17-v3`, na la zamani nalistaafisha bila kulifuta. Toleo jipya linaingia kwenye mtihani bila kuhesabiwa alama duru ya kwanza ikiwezekana, na mahali pake kwenye karatasi nabakiza pale pale, ili tofauti nitakayoiona isitokane na kuhamishwa. Kando ya kila toleo naandika tarehe, idadi ya watahiniwa, walikuwa wa ngazi gani, ugumu, upambanuzi, na sentensi moja ya nini kilibadilishwa na kwa sababu gani. Sentensi hiyo ndiyo utakayoishukuru. Namba bila maelezo, baada ya mwaka, hata wewe mwenyewe utaziangalia kama umeachiwa na mgeni.

Kumbukumbu hiyo pia inakamata maswali yaliyovuja. Swali lililokuwa na ugumu 0.60 na upambanuzi 0.55, likienda 0.72 na 0.38, kisha 0.88 na 0.12 bila mtu kuligusa na bila makundi kubadilika, kwa kawaida halijawa rahisi. Limesambaa. Hilo halirekebishiki kwa kugusa vipotoshi, linapumzishwa.

Kadi ya swali la 17 leo inasema hivi kwenye mstari wa mwisho: "v3, watahiniwa 124, ugumu 0.60, upambanuzi 0.55. C inakaribia kufa, isibadilishwe bado. Juu 4 walichagua D: waulizwe." Wawili nimeshawauliza. Mmoja alisema alidhani giza la saa 12 ni fupi mno kubadilisha chochote, jambo ambalo silo nililolitega kwenye D hata kidogo, na sasa naandika v4 yenye muda wa siku mbili ili nione kama watu wa aina yake watahama.